Mashine za Kukodi Zisizoingia kwenye Mizania

Tangu tarehe 1 Januari 2019, kampuni inayofuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha hulazimika kuingiza kwenye mizania karibu kila mkataba wa kukodi mali. Kiwango kinachohusika ni IFRS 16, kilichotolewa Januari 2016 kuchukua nafasi ya IAS 17. Kwa mujibu wake, anayekodi jengo, lori au mtambo huandika vitu viwili siku anapoanza kuutumia: upande mmoja mali, ambayo ni haki ya kutumia kitu hicho kwa muda wa mkataba, na upande wa pili deni, ambalo ni kodi ambayo bado hajailipa, ikiwa imepunguzwa kwa kiwango cha riba ili ionyeshe thamani yake ya leo. Baada ya hapo mali huchakaa mwezi hadi mwezi, na deni huzaa riba.

Ni kazi nzito, na kwa kompyuta ya mezani au ngazi ya fundi iliyokodiwa kwa miezi sita haina tija. Kwa sababu hiyo kiwango chenyewe kimeacha milango miwili. Mmoja ni wa mikataba ya muda mfupi, wa pili ni wa vifaa vya thamani ndogo. Anayepita katika mlango mmojawapo haandiki mali ya haki ya matumizi wala deni la ukodishaji. Kodi huwa gharama, na kwa kawaida hugawanywa sawasawa katika muda wote wa mkataba. Mgawo wa namna nyingine unakubalika pale tu unapoonyesha vizuri zaidi jinsi manufaa ya kifaa yanavyopatikana.

Kampuni nyingi ndogo za Afrika Mashariki hutumia kile kiwango kingine, kilichoandikwa kwa ajili ya biashara ndogo na za kati, na hazifiki kwenye milango hii kabisa. Yanayofuata yanazihusu zile zinazofuata viwango kamili, kama vile benki na kampuni zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hisa.

Mgawo wa sawasawa hueleweka upesi kwa mfano wa mashine ya fotokopi. Tuseme kampuni moja ya bima inakodi mashine ambayo ikiwa mpya huuzwa shilingi za Tanzania milioni 9. Mkataba ni wa miezi 36. Ili kumvutia mteja, mwenye mashine anasamehe kodi ya miezi 3 ya mwanzo, kisha anatoza shilingi 240,000 kwa kila mwezi kati ya miezi 33 iliyobaki. Jumla ya kodi ni shilingi 7,920,000. Ukiigawa kwa miezi yote 36, ikiwemo ile 3 ya bure, unapata gharama ya shilingi 220,000 kwa mwezi.

Hapa ndipo watunza hesabu wengi huteleza. Miezi mitatu ya kwanza hakuna fedha iliyotoka, kwa hiyo hawaandiki chochote. Lakini mashine imekuwa ikifanya kazi ofisini tangu siku ya kwanza, na gharama hufuata matumizi, haifuati risiti. Kila mwezi katika ile mitatu, shilingi 220,000 huandikwa kuwa gharama, na kiasi hichohicho huandikwa kuwa kodi iliyolimbikizwa ambayo haijalipwa. Mwisho wa mwezi wa tatu, limbikizo limefika shilingi 660,000. Kuanzia mwezi wa nne kampuni inalipa 240,000 huku gharama ikibaki 220,000, na ile tofauti ya 20,000 inapunguza limbikizo. Mwisho wa mwaka wa kwanza kampuni imelipa shilingi 2,160,000, gharama iliyoandikwa ni 2,640,000, na limbikizo lililobaki ni 480,000. Mwezi wa 36 linaisha kabisa.

Kwa hiyo si kweli kwamba mkataba wa aina hii hauachi alama yoyote kwenye mizania. Kinachokosekana ni mali ya haki ya matumizi na deni lake. Limbikizo, au malipo yaliyotangulizwa, huweza kubaki pale, na mkaguzi wa hesabu ataliuliza. Njia yake ya kugundua kosa ni rahisi: hupanga gharama za kodi mwezi kwa mwezi, na akikuta miezi yenye sifuri ikifuatwa na miezi ya 240,000, anajua kwamba aliyeandika alifuata malipo.

Hali ya kinyume hutokea kodi inapolipwa yote mwanzoni. Jenereta iliyokodiwa kwa miezi 10 kuanzia tarehe 1 Aprili, kwa shilingi milioni 15 zilizolipwa siku hiyohiyo, ina gharama ya milioni 1.5 kwa mwezi. Kampuni inayofunga hesabu tarehe 30 Juni itaonyesha gharama ya milioni 4.5 tu. Milioni 10.5 zilizobaki ni malipo yaliyotangulizwa, nazo zitakuwa gharama katika mwaka unaofuata.

Hesabu hizo za kugawanya ni nyepesi. Ugumu uko katika kuthibitisha kwamba mkataba kweli una haki ya kupita mlangoni.

Mkataba wa muda mfupi ni ule ambao, siku kifaa kinapokabidhiwa kwa matumizi, muda wake hauzidi miezi 12. Ukiwa na kifungu kinachompa anayekodi haki ya kukinunua kifaa, basi hautambuliwi kuwa wa muda mfupi, hata kama hana nia ya kukinunua. Muda wenyewe hausomwi kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba peke yake. Huhesabiwa kipindi ambacho anayekodi hawezi kujitoa, kisha huongezwa kipindi cha nyongeza ambacho ana haki ya kukichukua, ikiwa kuna uhakika wa kutosha kwamba atakichukua. Ile jenereta ya miezi 10, kama mkataba unaruhusu miezi 10 mingine na kiwanda hakina chanzo kingine cha umeme wa dharura, inaweza kuwa na muda wa miezi 20. Mlango umefungwa.

Mtego mkubwa zaidi upo katika mikataba inayojirudia yenyewe, ile ambayo kila upande unaweza kuivunja kwa notisi ya mwezi mmoja. Kwa macho ya haraka, muda wake ni mwezi mmoja daima. Novemba 2019 kamati ya tafsiri ya viwango hivi ilitoa uamuzi kuhusu jambo hilo: hasara ya kuvunja mkataba haipimwi kwa faini iliyoandikwa peke yake, bali kwa uchumi mzima wa mkataba. Chukua kiwanda cha samaki kilichokodi mtambo wa kutengeneza barafu kwa mkataba wa notisi ya mwezi mmoja. Kimejenga msingi wa zege, kimetandaza mabomba na kuvuta umeme wa njia tatu kwa ajili ya mtambo huo, na vyote hivyo vinatarajiwa kutumika kwa miaka 5. Kuuachia baada ya mwezi mmoja ni kutupa gharama hizo zote. Hasara hiyo si ndogo, kwa hiyo mkataba unahesabiwa kuwa unaendelea kupita ile notisi, na muda wake unaelekea kuwa wa miaka. Uamuzi huu ulikuwa wa haki, kwa sababu bila huo kila mtambo mkubwa ungeweza kufichwa nyuma ya notisi ya siku 30.

Mkataba uliopita mlangoni unaweza pia kutolewa baadaye. Muda ukibadilika au masharti yakirekebishwa, huhesabiwa kuwa mkataba mpya unaoanza siku ya mabadiliko. Tuseme jenereta yetu haikuwa na haki ya nyongeza, na baada ya miezi 7 pande zote mbili zinakubaliana kuongeza miezi 8. Miezi 3 iliyobaki ukijumlisha 8 ni 11, kwa hiyo mkataba bado ni wa muda mfupi. Wangeongeza 12, jumla ingekuwa 15, na kuanzia siku hiyo mali na deni vingeandikwa.

Mlango wa pili una kipimo cha aina nyingine. Kinachoangaliwa ni thamani ya kifaa kikiwa kipya, hata kama kilichokodiwa kimechakaa. Gari lililotumika miaka 12 halipiti, kwa kuwa gari jipya si kitu cha thamani ndogo. Kiwango kinataja mifano ya kompyuta, vishikwambi, simu na samani ndogo za ofisi. Kiasi hakikuwekwa ndani ya kiwango chenyewe, lakini walioandika walieleza, katika sababu za maamuzi yao, kwamba walipojadili mwaka 2015 walikuwa wakifikiria vifaa vya dola za Marekani 5,000 au pungufu. Ndiyo maana kampuni nyingi huchukua kiasi hicho kuwa mpaka wao.

Kipimo hiki hakijali ukubwa wa kampuni. Benki kubwa na duka la dawa hutarajiwa kufikia jibu moja kuhusu kompyuta ileile. Wala wingi haubadilishi jibu: shule iliyokodi vishikwambi 200 inaweza kuvipitisha vyote, hata kama kodi yake kwa jumla ni kubwa kwake. Lakini kifaa lazima kiweze kumfaa mtumiaji peke yake au pamoja na vitu vinavyopatikana kwa urahisi. Kuugawa mtambo mkubwa vipandevipande ili kila kipande kiwe chini ya dola 5,000 hakusaidii, kwa sababu vipande hivyo hutegemeana. Na anayekodi kifaa ili amkodishie mtu mwingine hana ruhusa ya kutumia mlango huu.

Uchaguzi nao hufanyika tofauti. Kwa muda mfupi huchaguliwa kundi zima la vifaa vya aina moja: ukiamua kwa jenereta, ni jenereta zako zote za muda mfupi. Kwa thamani ndogo, kila mkataba huamuliwa peke yake.

Mwisho wa mwaka, maelezo ya hesabu husema kwamba nafuu hii imetumika na hutaja gharama yake kwa mafungu mawili. La kwanza ni la mikataba ya muda mfupi, na ile isiyozidi mwezi mmoja si lazima iingizwe. La pili ni la vifaa vya thamani ndogo, bila vile ambavyo tayari vimehesabiwa katika fungu la kwanza. Katika taarifa ya mtiririko wa fedha, kodi hizi huwekwa chini ya shughuli za uendeshaji. Deni la mikataba iliyoko kwenye mizania, kwa upande wake, linapolipwa huonekana chini ya shughuli za kupata mtaji. Anayelinganisha kampuni mbili, moja iliyojaa mikataba ya miezi 11 na nyingine yenye mikataba ya miaka 5, aanze na mafungu hayo mawili kabla ya kusema ipi ina madeni machache.