Ukanda wa Mkojo Unasema Nini?

Mama mjamzito wa Lafey, katika kaunti ya Mandera, ametoka zahanati na karatasi iliyoandikwa: protini +, sukari hakuna, damu hakuna. Nyumbani wanaiona ile alama ya kujumlisha na hofu inaingia. Je, figo zimeharibika?

Ukanda huu wa plastiki una vipande vya rangi. Huchovywa katika mkojo, kisha rangi zikalinganishwa na zile za kwenye kopo. Kipande cha protini husomwa baada ya sekunde 60. Msomaji akichelewa, rangi hubadilika na kumdanganya. Tena ukanda huonyesha ukolevu tu, si jumla ya protini iliyotoka kutwa nzima. Basi jua la Lafey lina neno hapa: aliyeshinda na kiu huwa na mkojo mchache uliokoza, na protini kidogo ya kawaida huweza kuonekana kama +. Kipande cha uzito wa mkojo kikisoma 1.030, dalili hiyo ipo, na kipimo hurudiwa siku nyingine.

Lakini mjamzito aliyepita wiki 20 akiwa na presha ya 140/90 au zaidi, + hiyo haingojwi, kwani huenda kifafa cha mimba kinanyemelea. Kichwa kikimuuma sana au macho yakiona ukungu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sukari kwa kawaida hutokea katika mkojo pale ile ya damuni inapopita kama 10. Kwa wajawazito figo huiachia mapema zaidi. Kwa hiyo hukumu hutolewa na kipimo cha damu. Ama damu kwenye ukanda, huenda ni ya hedhi, ya mawe, ya uambukizo, au ya kichocho, ambacho wenzetu wa Kwale na Tana River wanakijua vyema.

Mama yule akianza kuhisi mkojo unachoma, ukanda hautamtajia kijidudu wala dawa. Hapo mkojo huoteshwa maabarani. Atajisafisha kwanza kwa maji, aache mkojo wa mwanzo upite, akinge wa katikati katika chupa safi ya maabara. Chupa ifike ndani ya saa 2, au iwekwe kwenye barafu, kwa maana katika joto letu vijidudu vichache huzaana njiani vikaonekana jeshi. Mkojo hupakwa kwenye sahani ya chakula cha vijidudu na kuwekwa katika joto la nyuzi 37 usiku kucha. Aina moja ikiota kufikia 100,000 kwa mililita, huo kwa kawaida ni uambukizo. Zikiota aina nyingi pamoja, yaelekea mkojo ulichafuliwa wakati wa kukinga, na hurudiwa. Kisha, kwa siku nyingine moja, dawa hujaribiwa juu ya kijidudu hicho: penye S dawa inakiweza, penye R imeshindwa. Kwa mjamzito vijidudu hivyo hutibiwa hata asipohisi maumivu, kwani hupanda hadi kwenye figo.