Beta ya Kiwanda Kisichouzwa Sokoni

Mwenye kiwanda kidogo cha kusaga sembe mjini Morogoro akikopa benki, riba anaambiwa kabla hajatia saini. Lakini fedha alizotoa mfukoni mwake, na zile alizochangiwa na shemeji yake ili awe mbia, hazina riba iliyoandikwa popote. Zizae kiasi gani kwa mwaka ndipo aseme zimelipa? Wengi hukisia tu.

Mwaka 1964 mchumi wa Kimarekani William Sharpe alichapisha jibu ambalo baadaye lilimpa sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya uchumi ya mwaka 1990. Kanuni yenyewe, maarufu kwa jina la CAPM, inaingia katika mstari mmoja:

faida inayodaiwa = faida salama + beta × (faida ya soko − faida salama)

Faida salama ni ile anayoipata mtu aliyeikopesha serikali kwa kununua hatifungani zake. Tofauti iliyo kwenye mabano ni nyongeza ambayo wawekezaji hudai ili waache hatifungani na kushika hisa. Beta inaonyesha biashara moja inavyotikisika soko zima linapotikisika. Beta ikiwa 1, hisa huenda sambamba na soko, ikiwa 1.5, soko likishuka asilimia 10, hisa hiyo kwa kawaida hushuka kama asilimia 15.

Kinachowashangaza wengi ni kile ambacho beta haikigusi. Mota ikiungua, au mhasibu akitoroka na mauzo ya wiki, hilo ni pigo la kiwanda hicho peke yake. Kwa Sharpe, mwekezaji mwenye hisa za kampuni nyingi hulimeza pigo hilo bila kulisikia sana, kwa hiyo soko halimlipi chochote kwa kulibeba.

Sasa, kiwanda cha Morogoro hakina hisa sokoni, na bila bei za hisa hakuna beta ya kupima. Dawa yake ni kuazima beta ya kampuni zilizoorodheshwa zinazofanya kazi inayofanana. Tuseme wastani wa beta zao ni 0.9, na kwa kila shilingi 100 za wenye hisa wana deni la shilingi 50. Deni huikuza beta, kwa sababu benki hulipwa kwanza na wenye hisa hubaki na makombo ya mwaka mbaya. Basi deni lao linaondolewa kwanza. Kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, 0.9 inagawanywa kwa 1.35, inabaki 0.67: hiyo ndiyo beta ya kusaga unga kwenyewe. Kiwanda chetu kina deni sawa na mtaji wa wenyewe, hivyo 0.67 inazidishwa kwa 1.7 na kufika 1.13. Hatifungani zikitoa asilimia 12 na nyongeza ya soko ikiwa asilimia 7, faida inayodaiwa inakaribia asilimia 20.

Ila beta ya kuazima ina mtego wake, hasa katika masoko yetu. Hisa nyingi Dar es Salaam, na baadhi Nairobi, hukaa siku kadhaa bila mnunuzi wala muuzaji. Soko linapanda na kushuka, bei ya hisa hiyo imeganda palepale, na kompyuta inatoa beta ya 0.2 kana kwamba kampuni ni salama kuliko zote. Si usalama huo; ni ukimya. Ukiona bei ya kufunga soko imejirudia ileile siku nyingi mfululizo, achana na bei za kila siku, tumia za wiki au za mwezi. Mara nyingi beta itapanda.

Na bado mwenye kiwanda si mwekezaji wa Sharpe. Nyumba yake iko rehani, akiba yake yote imo ndani ya mashine; mota ikiungua, anaungua nayo. Kwa mtu wa namna hii wapo wanaoigawa beta kwa uwiano wa mwenendo wa biashara hiyo na soko, ambao huwa kati ya 0 na 1. Ukiwa 0.4, 1.13 inakuwa kama 2.8, na faida inayodaiwa inaruka hadi asilimia 32 hivi.

Mashine ya pili inayotarajiwa kuzaa asilimia 25 ya mtaji wa wenyewe itakuwa hasara kwa mwenye kiwanda akiinunua peke yake. Shemeji mwenye ng'ombe, nyumba za kupangisha na hatifungani anaweza kuiona ni neema, akakubali sehemu kubwa ya umiliki kwa bei ambayo mwenye kiwanda asingethubutu kuitoa.