Sigara Moja kwa Siku: Kwa Nini Moyo Haufuati Hesabu ya Kugawanya

Mvutaji anayepunguza sigara kutoka 20 hadi mbili kwa siku hujipigia hesabu inayoonekana kuwa sahihi kabisa, kwamba kwa kuwa moshi umebaki sehemu moja ya kumi, madhara nayo yamebaki sehemu moja ya kumi. Hesabu hiyo huaminiwa zaidi mahali ambapo sigara huuzwa moja moja kwenye vibanda, kwa sababu anayenunua moja asubuhi na nyingine jioni huwa hajioni kuwa mvutaji kamili. Kwa saratani ya mapafu, hesabu hiyo ina ukweli kiasi, kwani hatari yake hupungua kadiri moshi unavyopungua, japo kwa masharti yatakayoelezwa. Kwa moyo na mishipa ya damu, ambako vifo vingi vinavyosababishwa na tumbaku hutokea, hesabu hiyo si sahihi, na kosa lake linaweza kupimwa.

Kipimo kinachotegemewa zaidi kilitolewa mwaka 2018 katika jarida la tiba la Uingereza liitwalo BMJ, ambapo Allan Hackshaw na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 141 zilizofuatilia afya za watu kwa miaka mingi, wakayachambua kwa pamoja. Swali lao lilikuwa jepesi kuuliza: ikiwa hatari ya kuvuta sigara 20 kwa siku inajulikana, je, anayevuta moja tu hubeba sehemu gani ya hatari hiyo? Walichopima ni hatari ya ziada, yaani ile inayoongezeka juu ya hatari ambayo hata asiyevuta anayo kutokana na umri, shinikizo la damu, chakula na urithi. Kama madhara yangefuata idadi ya sigara, sigara moja ingepaswa kuleta asilimia 5 ya hatari ya ziada iletwayo na sigara 20. Kwa ugonjwa wa mishipa inayolisha moyo, jibu lilikuwa takriban asilimia 46 kwa wanaume na asilimia 31 kwa wanawake.

Maana ya takwimu hizo huonekana vizuri zaidi zikiwekwa katika mfano wa watu. Tuseme kuna wanaume 100 wa makamo wasiovuta kabisa, na kwamba 10 kati yao watapata ugonjwa wa mishipa ya moyo katika kipindi fulani cha miaka. Wanaume wengine 100 wanaofanana nao kwa kila hali, isipokuwa kwamba wanavuta sigara 20 kila siku, watatoa wagonjwa wapatao 20 katika kipindi hicho hicho, kwa sababu hatari yao ni takriban mara mbili. Kundi la tatu la wanaume 100 wanaovuta sigara moja tu kwa siku lingetoa wagonjwa 10 au 11 kama hesabu ya kugawanya ingekuwa kweli, lakini tafiti zinaonyesha kwamba litatoa wagonjwa wapatao 15. Hivyo basi, kati ya wagonjwa 10 wa ziada walioletwa na sigara 20, kupunguza hadi moja huwaokoa watano tu, na watano waliobaki huletwa na ile sigara moja peke yake. Kwa kiharusi, yaani ugonjwa unaotokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka, picha ni ya namna hiyo hiyo, kwani sigara moja ilibeba asilimia 41 ya hatari ya ziada kwa wanaume na asilimia 34 kwa wanawake.

Sababu ya jambo hili imo katika namna mshtuko wa moyo unavyotokea. Moyo hulishwa na mishipa myembamba ambayo ndani yake ina utando laini unaoiwezesha kutanuka na kuizuia damu isigande. Moshi wa tumbaku huuhujumu utando huo, na wakati huo huo huzichochea chembe sahani, ambazo ni vipande vidogo vya damu vyenye kazi ya kuziba jeraha, zishikamane hata pasipo jeraha. Gesi ya kaboni monoksaidi iliyomo katika moshi hujishikiza kwenye hemoglobini, kibeba-oksijeni cha damu, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni yenyewe kwa zaidi ya mara 200, na hivyo moyo huongezewa kazi na nikotini huku ukipunguziwa hewa ya kuifanyia kazi hiyo. Jambo la msingi ni kwamba mwitiko wa chembe sahani na utando wa mishipa hufika karibu na kilele chake kwa moshi kidogo sana, mfano wa buluu ya kufulia katika beseni la maji, ambapo tone la kwanza huyabadilisha maji yote rangi na matone yanayofuata huikoza tu. Ushahidi mwingine wa hali hiyo hutoka kwa watu wasiovuta lakini wanaoishi na wavutaji, ambao huvuta sehemu ndogo mno ya moshi, na hata hivyo hatari yao ya ugonjwa wa moyo huongezeka kwa takriban robo nzima.

Kuna sababu ya pili, nayo inahusu mvutaji mwenyewe anayepunguza. Mwili uliozoea nikotini hudai kiwango chake, na mtu anayenyimwa idadi huanza kufidia bila kukusudia: huvuta kwa nguvu zaidi, huushikilia moshi kifuani kwa muda mrefu, huongeza idadi ya mikupuo, na huimaliza sigara mpaka kwenye kichungi pale alipokuwa akitupa kipisi kirefu. Mwaka 1986 Neal Benowitz na wenzake walionyesha ukubwa wa fidia hiyo kwa kuwapunguzia wavutaji sigara kutoka wastani wa 37 hadi tano kwa siku, na kupima kilichoingia mwilini badala ya kuhesabu vipisi. Idadi ya sigara ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 85, lakini kiasi cha lami na kaboni monoksaidi kilichoingia mwilini kwa siku kilishuka kwa takriban nusu tu, kwa kuwa kila sigara iliyobaki ilinyonywa takriban mara tatu ya awali. Ndiyo maana kliniki za kuacha tumbaku hupima kaboni monoksaidi katika pumzi kwa kifaa kidogo cha kupuliziwa, kwa kuwa kipimo hicho, kikibaki juu wakati daftari la mvutaji linaonyesha sigara chache, hufichua kwamba kilichopungua ni idadi na si moshi.

Saratani ya mapafu hufuata njia nyingine, na haki inadai ielezwe ilivyo. Saratani hutokana na mabadiliko yanayolimbikizana katika chembehai kwa miaka, na kwa hiyo kila upungufu wa moshi una faida yake. Watafiti wa Kopenhageni nchini Denmaki, waliochapisha matokeo yao mwaka 2005 baada ya kufuatilia watu wapatao 20,000, waliona kwamba wavutaji wa sigara 15 au zaidi kwa siku waliopunguza angalau nusu walikuwa na hatari ya saratani ya mapafu iliyo chini kwa asilimia 27 kuliko wale walioendelea kama kawaida. Faida hiyo ni ya kweli, lakini ni ndogo kuliko nusu iliyotarajiwa, ilhali walioacha kabisa walikuwa chini kwa asilimia 50. Isitoshe, hatari ya saratani hutegemea zaidi miaka ambayo mtu amevuta kuliko idadi ya sigara za siku, na anayepunguza bila kuacha huendelea kuihesabu miaka hiyo. Watafiti hao wa Kopenhageni walipochunguza mshtuko wa moyo, hawakuona upungufu wowote ulio wazi kwa waliopunguza, wakati walioacha walikuwa chini kwa takriban asilimia 29.

Tafiti hizi zina mipaka yake. Hazikufanywa kwa kuwapigia watu kura ya nani apunguze na nani aache, bali kwa kuwafuatilia waliojichagulia wenyewe, na baadhi ya wanaopunguza hufanya hivyo kwa sababu tayari wameanza kuugua, jambo linaloweza kuifanya faida ya kupunguza ionekane ndogo kuliko ilivyo. Pia mtu anayejieleza kuwa mvutaji wa sigara moja huenda siku nyingine huvuta nne. Hata hivyo, kasoro hizo haziwezi kuelezea kwa nini tafiti za nchi nyingi, zenye wanaume na wanawake, hukutana katika jibu moja. Nchini Norwei, kwa mfano, watu zaidi ya 42,000 walifuatiliwa kuanzia miaka ya 1970, na wale waliovuta sigara moja hadi nne tu kwa siku walikufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo takriban mara tatu ya wasiovuta.

Haya yote hayamaanishi kwamba kupunguza hakuna kazi, bali kwamba kazi yake ni kuwa njia na si makao. Katika jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2016, wavutaji walioacha ghafla siku waliyoipanga walifanikiwa zaidi kuliko waliopunguza kwa majuma mawili kabla ya siku hiyo, kwani baada ya miezi sita 22 kati ya 100 wa kundi la kwanza walikuwa bado hawavuti, dhidi ya 15 au 16 wa kundi la pili. Lakini kwa wale wasiokuwa tayari kuacha mara moja, jaribio jingine la mwaka 2015 lilitumia vareniklini, dawa inayokalia vipokezi vya nikotini katika ubongo na kupunguza kiu yake, pamoja na ratiba iliyo wazi: nusu ya sigara iwe imeondoka ifikapo juma la nne, robo tatu ifikapo juma la nane, na zote ifikapo juma la 12. Kati ya juma la 15 na la 24, takriban 32 kati ya 100 waliopewa dawa hawakuvuta kabisa, dhidi ya saba kati ya 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kilichoitofautisha ratiba hiyo na upunguzaji wa kawaida ni tarehe ya mwisho iliyoandikwa kabla ya sigara ya kwanza kuondolewa, pamoja na dawa ya kushika nafasi ya nikotini inayokosekana, ili mwili usiifidie kwa kunyonya zaidi sigara zilizosalia.

Ukirudishwa sasa mfano wa wale wanaume 100, thamani ya hatua ya mwisho hujidhihirisha. Kuondoa sigara 19 za kwanza kuliwaokoa wagonjwa watano wa ziada, na kuondoa ile moja iliyobaki huwafungulia njia watano wengine, ambao hatari yao hushuka kwa kiasi kikubwa katika miaka michache ya kwanza na kuendelea kukaribia ile ya wasiovuta kadiri muda unavyopita. Kwa moyo, basi, sigara ya ishirini, ambayo mvutaji huiona ndogo kiasi cha kuiruhusu ibaki, ina uzito unaokaribia ule wa zile 19 alizokwisha kuziacha kwa taabu, na aliyeweza kuziacha hizo amebakiza nusu ya faida yake katika sigara moja.