Hesabu ya Droo Wakati wa Kufunga Duka

Ripoti ya mauzo ya siku huonyesha kilichopokelewa kwa taslimu, kwa simu na kwa kadi. Hupigwa picha tarehe na namba yake zikionekana, kwa kuwa maandishi ya karatasi ya risiti hufifia. Tuseme mauzo ya taslimu ni shilingi 410,000. Ikiongezwa chenji ya kuanzia 50,000 na kutolewa matumizi ya 15,000, droo inapaswa kuwa na 445,000. Zikihesabiwa 425,000, upungufu ni 20,000. Kabla ya kumshuku muuzaji, taarifa ya malipo ya simu hukaguliwa: ikizidi ripoti kwa 20,000, huenda malipo ya simu yaliingizwa kama taslimu. Isipozidi, upungufu huandikwa ulivyo, wala haufichwi kwa kubadili hesabu.