Ukurasa una jina la duka, lakini duka lenyewe haliujui

LILONGWE. Mfanyabiashara wa Mbeya anayepeleka vitenge Malawi kupitia Songwe kwa kawaida huanza na simu yake. Huandika jina la wakala wa forodha aliyeelekezwa, huongeza neno Lilongwe, na papo hapo hupata ukurasa wenye jina hilo kwa herufi kubwa, nambari ya simu, ramani na saa za kazi. Hupiga, hupewa bei, hutuma malipo ya awali. Mzigo ukishafika mpakani ndipo hugundua kwamba wakala aliyeelekezwa hajapokea simu yoyote.

Kurasa za aina hiyo hutengenezwa na tovuti za orodha. Hukusanya majina ya biashara kwa maelfu kutoka vitabu vya simu vya zamani, ramani za mtandaoni na orodha nyingine, kisha mtambo huzalisha ukurasa mmoja kwa kila jina. Mapato yao hutokana na matangazo, kwa hiyo lengo ni ukurasa uonekane juu mtu anapotafuta. Mara nyingi hakuna aliyepiga simu kuuliza kama duka bado lipo. Na kwa kuwa orodha hizi hunakiliana, kosa moja huonekana mahali patano. Mteja huhesabu mashahidi watano, kumbe ni shahidi mmoja aliyerudiwa.

Maduka yaliyohama mwaka 2023

Kwa wanaofanya biashara na Dzaleka, tatizo hili lina sababu ya ziada. Kambi hiyo ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, kilomita zipatazo 40 kaskazini mwa Lilongwe, na Kiswahili ni lugha ya kila siku sokoni kwa sababu ya Wakongomani na Warundi wengi wanaoishi humo. Kwa miaka mingi baadhi ya wakimbizi walikuwa na maduka nje ya kambi, Lilongwe na kwingineko. Machi 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru warudi Dzaleka kufikia katikati ya Aprili, na mwezi Mei polisi walianza kuwaondoa kwa nguvu.

Maduka yalifungwa au yakahama, lakini kurasa za orodha hazikuhama. Anayefuata anwani ya zamani anaweza kukuta mlango umefungwa, au mpangaji mpya asiyemjua mtu anayeulizwa.

Mitaa ya Lilongwe nayo huchangia. Maeneo ya jiji hupewa nambari, kama Area 3 au Area 47, na nambari hizo hazifuatani ardhini. Mtambo wa orodha usipojua mahali hasa, huweka alama ya ramani katikati ya jiji. Ofisi iliyoko Kanengo, kwenye barabara kuu ya M1 ya kuelekea kaskazini, huonekana kana kwamba iko mjini.

Soma anwani kabla ya kusoma jina

Tumrudie mfanyabiashara wa Mbeya. Jambo la kwanza la kutazama ni anwani iliyo juu ya skrini. Sehemu inayomtaja mwenye tovuti ni ile inayokuja kabla ya mkwaju mmoja wa kwanza. Linganisha hizi mbili za mfano:

```
www.orodhafulani.com/malawi/lilongwe/jina-la-wakala
www.jinalawakala.mw
```

Katika ya kwanza, mwenye nyumba ni orodha, na wakala ni jina tu lililobandikwa chumbani. Katika ya pili wakala mwenyewe ndiye mwenye nyumba. Mwisho wa `.mw` ni wa Malawi, ingawa biashara nyingi halali hutumia `.com`. Hata taasisi za umma hutofautiana: tovuti ya Mamlaka ya Mapato ya Malawi ni `mra.mw`, haina neno `gov` ndani yake.

Dalili ya pili ni kitufe kilichoandikwa `Claim this business`. Maana yake ni kwamba orodha inamwomba mwenye biashara ajitokeze kuuchukua ukurasa huo, yaani hadi siku hiyo hajajitokeza. Tazama pia kama pembeni yametajwa mawakala wengine, washindani wake. Hakuna mwenye duka anayewatangaza wapinzani wake kwenye mlango wake.

Kitufe cha `Website` kwenye ramani ya Google nacho kisiaminiwe moja kwa moja. Watu wa kawaida wanaweza kupendekeza mabadiliko ya maelezo hayo, na wakati mwingine kitufe hicho hukupeleka kwenye ukurasa wa orodha. Kibonyeze, kisha soma anwani upya.

Nambari ya simu huongea

Nambari za mkononi za Malawi huwa na tarakimu tisa baada ya +265. Za Airtel huanza na 9 na za TNM na 8. Za mezani za miaka mingi huanza na 1, na tarakimu inayofuata hutaja eneo: 7 ni Lilongwe, 8 ni Blantyre. Kwa hiyo ukurasa unaosema ofisi iko Area 3 Lilongwe huku ukitoa nambari ya mezani inayoanza na +265 1 8 una jambo la kueleza. Huenda wakala ana makao makuu Blantyre. Huenda pia orodha imechanganya kampuni mbili.

Hatua inayofuata ni kuitafuta nambari yenyewe ndani ya alama za kunukuu, mara moja ikianza na 0 na mara nyingine na +265. Ikitokea chini ya majina ya biashara kumi tofauti, hiyo ni nambari ya orodha au ya dalali. Kisha tafuta jina kwenye tovuti za Malawi pekee:

```
"jina la wakala" Lilongwe site:mw
```

Kwa wakala wa forodha kuna njia iliyo bora kuliko zote hizi. Mawakala hupewa leseni na Mamlaka ya Mapato, hivyo ofisi ya forodha Songwe inaweza kuulizwa kama jina hilo lina leseni. Anayepokea simu ya ukurasa wa orodha anaweza kujibu kwa ufasaha maswali ya bei, lakini leseni hawezi kuibuni mbele ya ofisa anayeitoa.

Pale ambapo hakuna tovuti

Njia hizi zina kikomo. Maduka mengi ya Dzaleka hayana tovuti kabisa. Mlango wao halisi ni WhatsApp au ukurasa wa Facebook. Kukosa tovuti si dalili ya utapeli, na barua pepe ya Gmail pia si kosa. Hapo kinachosaidia ni mtu aliye kambini. Anaweza kuanza kutuma kiasi kidogo kwa Airtel Money au TNM Mpamba, asome jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri, kisha aende dukani kuuliza mwenye jina hilo ni nani. Huenda likawa jina la mke wa mwenye duka au la mshirika wake. Jibu hilo litoke dukani, ana kwa ana, kabla fedha ya mzigo haijavuka Songwe.