Utando wa Miraba Kuzunguka Picha: Safisha Kwanza, Hifadhi JPEG Mwisho

Mteja anayetengenezewa lebo ya bidhaa hutaka picha ya bidhaa yake ikatwe kutoka mandhari ya nyuma na kuwekwa juu ya rangi nyingine. Mara nyingine lebo ikishachapwa, huonekana ukingo mchafu umeizunguka picha: vijiraba vidogo vya kijivu au vya rangi isiyotarajiwa, vilivyopangana kama ngazi. Mchapaji huambiwa mashine yake ni mbovu, ilhali kasoro hiyo aghalabu ilikuwamo ndani ya faili kabla halijafika kwake. Mwongozo huu unaeleza chanzo cha utando huo, utaratibu sahihi wa kazi, na namna mteja anavyoweza kuugundua kabla ya kulipa.

Utando unatoka wapi

Picha ya kidijitali ni mkusanyiko wa nukta za rangi ziitwazo pikseli. Faili la JPEG huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, kisha hupunguza uzito wake kwa kutupa mabadiliko madogo yaliyomo katika kila mraba. Njia hii hufaa kwa anga, milima na nyuso za watu, kwa kuwa rangi zake hubadilika polepole. Haifai vivyo hivyo mahali ambapo kitu cheusi kinakutana ghafla na weupe mtupu. Mraba wenye mpaka huo hauwezi kuuhifadhi wote, na makosa yake husambaa katika pikseli zote 64. Mraba wa jirani usio na mpaka hubaki safi. Ndiyo maana uchafu haufuati umbo la kitu, bali hupanda na kushuka kwa ngazi. Zaidi ya hayo, mafaili mengi ya JPEG huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga, hivyo doa la rangi laweza kufika umbali wa pikseli 16.

Kufungua faili, kulitazama au kulinakili hakuliharibu. Madhara hutokea linapohifadhiwa upya baada ya kurekebishwa. Picha ikihifadhiwa tena bila kubadilishwa, kwa kiwango kilekile cha ubora, hupoteza kidogo sana baada ya mara chache za mwanzo. Lakini ikipunguzwa pembeni kwa pikseli 5 au ikikuzwa, miraba mipya huangukia kati ya miraba ya zamani. Makosa ya awali huchukuliwa kuwa sehemu ya picha, na mengine huongezwa juu yake.

Mfano: lebo ya tangawizi

Tuchukue mfano wa mkulima wa Mamba Miamba, katika Milima ya Upare, anayesaga tangawizi na kuifungasha kwa ajili ya kuiuza Same mjini. Amepiga picha ya tangawizi juu ya kitambaa cheupe kwa simu. Picha ina upana wa pikseli 4000, na tangawizi yenyewe imechukua pikseli 1200. Anaituma kwa mbunifu kupitia WhatsApp kama picha ya kawaida. Inapunguzwa hadi upana wa pikseli 1600 na kuhifadhiwa upya. Sasa tangawizi imebakiwa na pikseli 480.

Mbunifu anaongeza mwanga na kuhifadhi JPEG. Kesho yake anapunguza pembeni na kuhifadhi JPEG nyingine. Hatimaye anaikata tangawizi kwa zana inayochagua rangi nyeupe. Zana hiyo huchukua weupe safi tu. Pikseli zilizochafuka karibu na mpaka si nyeupe tena, hivyo zinahesabiwa kuwa sehemu ya tangawizi. Juu ya karatasi nyeupe hazionekani kwa urahisi. Juu ya lebo ya kijani kibichi zinajitokeza zote.

Tangawizi ikichapwa kwa upana wa sentimita 6, kila mraba wa pikseli 8 utakuwa na upana wa milimita 1, jambo linaloonekana kwa macho. Kama picha ya asili ingetumika, mraba huohuo ungekuwa wa milimita 0.4, na ungekuwa umepita katika uhifadhi mmoja tu, ule wa simu.

Utaratibu sahihi

1. Tuma faili la asili kutoka kwenye simu iliyopiga picha. Katika WhatsApp, lichague kupitia Document. Njia nyingine ni kulipeleka kwa kebo au kwa kadi ya kumbukumbu.

2. Faili la asili liwekwe kando, na kazi ifanyike kwenye nakala. Nakala hiyo ihifadhiwe katika faili la kazi la programu inayotumika: XCF kwa GIMP, PSD kwa Photoshop. Mafaili haya hayatupi kitu, hata yakihifadhiwa mara mia.

3. Usafi ufanyike kabla ya kukata na kabla ya kubadilisha ukubwa. Madoa na miraba huondolewa vizuri picha ikiwa katika ukubwa wake wa awali. Ikishakuzwa, uchafu nao hukua na kulainika, na kuutenganisha na kitu chenyewe huwa kugumu.

4. Ndipo kitu kikatwe. Pale penye utando, mpaka uchorwe kwa mkono, kwa zana kama Paths ya GIMP, badala ya kutegemea zana ya kuchagua rangi. Kisha mpaka uingizwe ndani kwa pikseli 1 au 2.

5. Picha iliyokatwa itolewe kama PNG, kwa kuwa JPEG haiwezi kuhifadhi sehemu iliyo wazi.

6. Ukubwa ubadilishwe baada ya hapo. Ikiwa JPEG inahitajika, itolewe mara moja tu, mwishoni, kutoka katika faili la kazi. Marekebisho yakihitajika, yafanywe katika faili la kazi, kisha JPEG mpya itolewe. JPEG ya zamani isifunguliwe ili irekebishwe.

Jinsi ya kukagua kabla ya kulipa

Mwombe mbunifu aweke rangi nyeusi chini ya picha iliyokatwa, halafu rangi nyekundu kali, na aikuze hadi asilimia 400 kwenye skrini. Tazama ukingo wote. Ukingo mzuri hufuata umbo la kitu na hulainika kidogo kwa usawa. Ukiona ngazi, vijiraba, au chembe zilizobaki peke yake hewani, kazi haijakamilika. Ukaguzi juu ya rangi nyeupe hautoshi.

Fahamu pia mipaka ya marekebisho. Kubadilisha jina la faili kutoka JPEG kuwa PNG hakurudishi kilichopotea. Hata kulihifadhi upya kama PNG huzuia hasara mpya tu. Kuingiza mpaka ndani huondoa utando wa nje, lakini miraba iliyomo ndani ya kitu hubaki, na vitu vyembamba kama mizizi ya tangawizi au nywele huweza kukatika. Ikiwa faili la asili bado lipo, kuanza upya ni bora kuliko kukarabati.

Kwa sababu hiyo, usifute picha ya asili kabla lebo haijachapwa. Katika makubaliano yako na mbunifu, andika kwamba utakabidhiwa mafaili matatu: faili la kazi, PNG ya picha iliyokatwa, na faili la kuchapia. Mteja aliyepewa JPEG peke yake atalazimika kuharibu picha zaidi kila atakapotaka kubadilisha bei au uzito kwenye lebo yake.