Kabla ya Kuongeza Gesi

Kiyoyozi cha inveta kinapoza vizuri kwa nusu saa, kisha chumba kinapata joto na bomba nene linavaa barafu mpaka kwenye kompresa. Mafundi wengi hukimbilia mtungi wa gesi. Haraka hiyo huwagharimu.

Tuseme sensa ya bomba la kurudi ni ya kilo-omu 10 kwenye nyuzi 25. Zipo za 5 na 20, kwa hiyo jedwali la mtengenezaji litazamwe kwanza. Fundi anaichomoa kwenye bodi na kuitumbukiza katika maji ya barafu. Multimita ingesoma karibu kilo-omu 33. Inasoma 21.

Upinzani wa sensa hizi hushuka joto linapopanda, kwa hiyo bodi inadanganywa kwamba bomba lina nyuzi 9 ilhali lina sifuri. Inaifungua vali ya kielektroniki zaidi, na gesi inafika kwenye kompresa ikiwa bado majimaji.

Sensa ikiwa nzima, vali ndiyo ishukiwe. Umeme ukiwashwa, kwa kawaida husikika ikigonga-gonga inapojifunga kuanza upya. Ikinyamaza, koili zake zipimwe: zote zilingane. Zikilingana, na bodi inatuma umeme, huenda sindano ya ndani imekwama.